Mtandao Unasingiziwa Bure

Jamani, Dodoma hii mtandao umekuwa mtoto wa kambo. Mtu anaingia stationari pale Majengo kuprinti fomu moja, ukurasa unazungukaaa, mhudumu anatoa hukumu bila hata kugeuka: "Mtandao leo mbaya." Nani kaupima? Benchi zima la wateja linaangalia video kwenye wai-fai hiyohiyo, haikwami hata kidogo!

Bonyeza basi Ctrl + Shift + Esc, Task Manager ifunguke, halafu fungua ukurasa huo unaoulaani. Angalia safu mbili tu. Kama Network iko karibu na sifuri huku Disk imeng'ang'ania 100%, acha kumpigia simu mtu wa intaneti. Kompyuta haisubiri mtandao, inasubiri diski yake yenyewe.

Sasa ifungue hiyo diski C. Ina GB 118, iliyobaki nafasi ni MB 900! Na ramu ni GB 4. Ukifungua tabo kumi na tano ramu inajaa, Windows inaanza kuhamishia mzigo kwenye diski, na huko nako hakuna pa kuutua. Brauza nayo inataka kuandika kashe hukohuko. Wanagombania chumba kimoja, wewe unalaumu mnara.

Na kilichojaa ni nini? Downloads: fomu ileile, fomu (1), fomu (2), hadi fomu (37), pamoja na video ya send-off ya mtu hata humjui. Futa, kisha umwage na Recycle Bin, maana kilichomo bado kinakula nafasi. Halafu Settings, System, Storage, Temporary files. Lakini toa tiki kwenye Downloads kama bado kuna kazi za wateja. Ukibakiwa na GB 15 au 20 wazi, mashine itapumua.

Diski ikiwa na nafasi na bado brauza inajikongoja, bonyeza Ctrl + Shift + N ukiwa ndani ya Chrome. Dirisha hilo la siri kwa kawaida halibebi ekstensheni wala kashe ya zamani. Ukurasa ukiruka humo, mchawi huenda ni mmoja kati ya hao wawili. Nenda chrome://extensions, zima moja moja huku ukijaribu. Utakuta vishusha video vitatu na vikagua bei viwili, na kila ukurasa lazima upekuliwe na wote. Nani aliviweka? Hakuna anayejua, ofisi nzima inaangalia dari.

Kashe iache iwe ya mwisho: Ctrl + Shift + Delete, tiki Cached images and files peke yake. Ukitiki na kuki umejitoa kwenye akaunti nyingi, na nywila ilikuwa kwenye karatasi iliyofungiwa maandazi. Na usiifute kila asubuhi kama unafagia uwanja! Picha zilizokuwa tayari ndani zitashushwa upya, kwa bando lako, halafu saa nne utasema tena mtandao mbaya.