Bacili kwenye darubini, lakini si kifua kikuu

"Makohozi ya baba yana vijidudu, lakini mashine inasema si kifua kikuu. Mbona daktari anamwacha bila dawa?"

Swali hili linaumiza, na hapa Lubumbashi lina uzito wake, maana mapafu mengi yameshapita kwenye vumbi la migodi au kwenye kifua kikuu. Hata hivyo, huenda daktari yuko sahihi.

Tuseme baba ana miaka 58, alichimba kwa mikono miaka mingi, na aliwahi kutibiwa kifua kikuu. Darubini inaonyesha bacili, GeneXpert haioni za kifua kikuu. Darubini haiwezi kutofautisha aina za mikobakteria, yaani jamii ya bacili ambamo ya kifua kikuu ni mojawapo, na zipo nyingine nyingi zinazoishi kwenye maji na udongo. Kwa kawaida hazipiti kutoka mtu hadi mtu, kwa hiyo hakuna sababu ya kumtenga baba na wajukuu. Tena zinaweza kuonekana kwenye makohozi bila kuyala mapafu. Hatua ya kwanza basi ni kurudia GeneXpert kwa makohozi mapya, kisha kuotesha bacili maabara ili aina yake ijulikane. Ugonjwa huthibitishwa kwa mambo matatu kwa pamoja: dalili, picha ya kifua inayolingana nazo, na aina ileile kuota katika makohozi mawili ya siku tofauti.

Wanaotaka dawa mara moja wana hoja: kuotesha huchukua wiki nyingi, na mtu anakonda. Lakini kumrudisha kwenye vidonge vya kifua kikuu hakumsaidii sana. Kwa kundi la avium, ambalo ni la kawaida zaidi kati ya mikobakteria hizi nyingine, isoniazidi na pirazinamidi hazina faida. Nguzo ya tiba ni azithromaisini, pamoja na rifampisini na ethambutoli. Hapo ndipo wasiwasi wangu mkubwa. Azithromaisini inauzwa kwa urahisi, na mgonjwa anayekohoa huinunua peke yake. Bacili zikiizoea, tiba yote inapoteza nguzo yake, na dawa zinazobaki ni dhaifu zaidi, nyingine za sindano. Na hata ikitumiwa vizuri, dawa hunywewa angalau miezi 12 baada ya makohozi kuacha kuotesha bacili, ilhali kifua kikuu cha kawaida hutibiwa miezi 6. Ethambutoli inaweza kudhuru macho. Kumwingiza mtu humo kwa ugonjwa ambao haujathibitishwa, au ambao hausogei, ni kumtwika mzigo mkubwa.

Kungoja huku kuna ratiba: uzito kila mwezi, makohozi na picha baada ya miezi michache. Uamuzi hugeuka picha ikionyesha shimo linalotokana na ugonjwa huu, au, ugonjwa ukishathibitishwa, bacili zikiendelea kuonekana kwa darubini. Hapo kusubiri ni hatari, na penye shimo dawa hunywewa kila siku, mara nyingi pamoja na sindano za amikasini miezi 2 au 3 ya mwanzo. Baba huyu ana bacili kwenye darubini tayari, kwa hiyo majibu ya kuotesha yakithibitisha, dawa zianze.