Mama hajakonda

Mwezi uliopita nilikuwa nikizungumza kwa video na mama yangu aliyeko Kirumba, Mwanza, mfanyakazi mwenzangu hapa Leeds alipochungulia kwenye simu, akamsalimu, kisha akamsifu kwa Kiingereza kwamba ni "slimu" (ninaandika kama linavyotamkwa). Nami nikatafsiri bila kufikiri: "Anasema umekonda, mama." Mama alinyamaza, kisha akauliza ni nani aliyempelekea mgeni huyo habari za afya yake.

Nilikosea mara mbili kwa neno moja. Kwanza, kukonda ni kupungua mwili, kwa hiyo anayesema "umekonda" anadai kwamba aliwahi kukuona ukiwa na mwili zaidi, ilhali mwenzangu alikuwa anamwona mama kwa mara ya kwanza. Hilo ni kosa la maana ya msingi. La pili ni la hisia, na ndilo lililomuumiza. "Umepungua" na "umekonda" yanaeleza badiliko lilelile la mwili, lakini jaribu kuyaongezea "hongera" uone: "Umepungua, hongera" humfurahisha anayetoka mazoezini, ilhali "Umekonda, hongera" ni kejeli, kwa sababu kwetu kukonda hunuka ugonjwa, njaa au msiba.

Waingereza nao wana ngazi zao. Mtu yuleyule, mwenye uzito uleule, ni "slimu" kwa anayempenda, ni "thini" kwa anayeeleza tu, na ni "skini" kwa anayeona mifupa. Neno letu "mwembamba" limekaa karibu na hilo la katikati; husemwa hata juu ya uzi, na sifa ikihitajika huongezwa kwa maneno mengine, kama vile "mwembamba, ana umbo zuri".

Je, ningeliacha neno lenyewe bila kulitafsiri? Nadhani ningeharibu zaidi. Mama alifanya biashara Bukoba miaka ya 1980, na wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini walitambuliwa huko Kagera mwaka 1983. Ng'ambo ya mpaka, upande wa Rakai nchini Uganda, watu waliuita ugonjwa huo "Slimu" kwa jinsi ulivyomaliza mwili, na katika Kiganda "siliimu" likabaki kuwa jina la Ukimwi. Neno ambalo Leeds ni sifa lilikuwa, kwa watu wa mwambao wa magharibi wa ziwa, jina la kifo, ingawa ni la Kiingereza kilekile.

Wenzangu hapa huniambia kwamba sisi hatuna adabu kwa kutaja miili ya watu. Sikubaliani nao. Shangazi anayekupokea kwa "Mbona umekonda?" hapimi umbo lako, anauliza una nini, na anasubiri jibu.

Jioni ile nilimpigia mama tena nikamweleza kwamba mgeni alimaanisha ana umbo zuri. "Ungesema hivyo tangu mwanzo," akanijibu. "Nimeshakwenda Mwaloni kujipima kwenye mizani ya dagaa."