Silabusi yenye kurasa pungufu: lipi la kudai, lipi la kuacha

"Nimetumiwa silabusi ya takwimu kwenye simu. Kurasa zingine hazimo, na mistari imekatwa upande wa kuume. Naweza kuisomea mtihani?" Ni swali la mwanafunzi mmoja wa hapa Bukavu.

Wako wanaosema faili kama hiyo iachwe mpaka nzima ipatikane. Wengine wanajaza mapengo kwa kitabu kingine na kusonga mbele. Naona kila upande una haki mahali fulani, ila wa pili unahitaji breki.

Tuanze na namba zilizochapwa kwenye kurasa zenyewe. Zile za simu huhesabu picha tu, kwa hiyo hazionyeshi pengo. Katika faili yake, baada ya 41 inakuja 44. Kitabu kikichapwa pande mbili, 42 na 43 hutazamana kinapofunguliwa. Basi yaelekea aliyepiga picha aliruka mara moja, na kitabu chenyewe ni kizima: aombwe apige tena. Zingepotea 43 na 44, hiyo ingekuwa karatasi moja, pengine imechanika, na hata mwenye kitabu huenda hana.

Fomula iliyokatwa ni jambo zito zaidi. Kinachoonekana ni hiki:

```
s² = Σ(x − x̄)² / n
```

Ukingo wa picha unaishia hapo hapo kwenye n. Je, kulikuwa na "− 1" mbele yake? Mfano wa ukurasa wa 45 unasaidia. Data ni 4, 6, 8, 10, 12. Wastani ni 8, na jumla ya miraba ya tofauti ni 40. Ukigawa kwa 5 unapata 8, ambayo kipeuo chake cha pili, yaani s, ni 2,83. Ukigawa kwa 4 unapata 10, na kipeuo 3,16. Jibu lililochapwa ni 3,16. Hapo naweza kusema bila wasiwasi kwamba mfano huo umegawa kwa n − 1.

Njia hii ina mpaka wake. Mfano ungekuwa na data 100 na jumla ya miraba ya 2500, kugawa kwa 100 kunatoa kipeuo 5,00 na kwa 99 kunatoa 5,03. Mwalimu akiandika jibu kama 5,0, hakuna kinachothibitika.

Kuhusu 42 na 43, orodha ya yaliyomo inataja jaribio la dhana. Mada tunaijua, na kitabu kingine kitaifundisha vizuri. Lakini masharti aliyoweka profesa huyu, kwa mfano sampuli iwe kubwa kiasi gani kabla ya kubadili jedwali, hayakisiwi. Na sentensi inayoishia "fomula hii isitumike" ndiyo ya hatari kuliko zote, maana atakayeimalizia kwa kichwa chake atakariri sharti ambalo darasani halikutolewa.

Kwa hiyo asome, na pembeni mwa fomula aandike: "n − 1, kutokana na mfano wa uk. 45". Pale pa sharti aache wazi, amuulize asistanti.