Ukibana suruali, pima na urefu upya

Msimu wa harusi umeanza na picha zimeanza kumiminika kwenye simu. Wiki iliyopita nilitumiwa za wasimamizi wa bwana harusi mmoja: vijana watanashati, suti za rangi ya bahari, viatu vya kahawia vimepigwa kiwi vikapigika. Kuanzia bega mpaka goti sina neno. Chini ya goti ndipo nilipoumia. Kitambaa kimejazana kwenye muundi, mikunjo mitatu minne imelaliana kama kodiani, na viatu vilivyogharimu pesa ya maana vimemezwa. Nikauliza, nikaambiwa suti zilikuwa za miguu mipana, zikapelekwa kubanwa ziende na wakati. Fundi alibana kweli. Urefu aliuacha kama alivyoukuta.

Naiona kazi hii kila mwezi. Mtu anakuja nayo kwenye cherehani yangu, ameshalipa kwingine, anataka kujua kwa nini suruali imemkataa. Anasema, "Fundi, urefu ni ule ule niliozoea, mbona sasa imekuwa ndefu?" Wengi wameambiwa na aliyewashonea kwamba itakaa yenyewe wakishaivaa vaa. Haitakaa. Hata ukiivaa mpaka ichanike, haitakaa, na mteja anastahili kuelezwa sababu.

Suruali pana inakaa juu ya kiatu kwa kukifunika. Mdomo wake ukiulaza mezani unakuta sentimita 23 au 24, yaani ukiuzungusha ni kama 46 hadi 48. Upana huo unakimeza kiatu kuanzia kisigino mpaka kwenye kamba. Nyuma pindo linashuka bila kugusa kitu mpaka linabaki kidogo tu kufika chini, na mbele linatambaa juu ya kiatu kuelekea vidoleni, pale kiatu kinapoanza kuinama. Ndiyo maana suruali pana inataka urefu. Ukiikata fupi inaning'inia hewani na mguu unaonekana mwembamba ndani ya kitambaa kingi.

Sasa ubane mdomo ule ule uwe sentimita 17 au 18. Pindo haliwezi tena kukifunika kiatu. Linagota pale mguu unapokutana na kiatu, juu ya ulimi, na pale ndipo safari yake inapoishia. Lile eneo lililokuwa linatambaa mbele halina pa kwenda. Kitambaa kilichobaki kinarudi juu na kujikunja kwenye muundi. Urefu haujaongezeka hata nusu sentimita. Kilichobadilika ni mahali pindo linapokanyaga.

Nichukue suruali moja niliyoishika mezani. Kijana alipewa suti na baba yake, kitambaa kizito kizuri cha sufu ambacho siku hizi hukipati kirahisi. Mguu wa ndani, kutoka maungioni mpaka kwenye pindo, sentimita 81. Mdomo 24. Akiwa amevaa viatu vya kamba, nyuma pindo lilisimama sentimita moja na nusu kutoka sakafuni, na kwa upana ule lilikuwa sahihi kabisa. Fundi wa baba yake aliijua kazi. Kijana alitaka mdomo wa 18.

Jambo la kwanza nilimvika na viatu. Viatu vile vile atakavyovaa nayo, si kandambili alizokuja nazo. Kisha nikabana kwa pini, nje na ndani ya mguu sawasawa, sentimita 3 kila upande, kwa mstari ulioanzia katikati ya paja na kushuka taratibu. Ukibana upande mmoja tu ili umalize haraka, mstari wa pasi unahama, na mguu mzima unajizungusha mtu akitembea. Ukianza kubana chini ya goti peke yake, paja linabaki limevimba na goti linaonekana limevunjika. Baada ya pini nikamwambia, "Kaa kwenye stuli, kaka. Sasa simama. Usijivute."

Kipimo hicho cha kukaa na kusimama wengi wanakiruka. Suruali pana ukikaa inapanda, ukisimama inashuka yenyewe kwa uzito wake. Iliyobana inapanda, kisha inashikwa na kigimbi na kubaki pale. Mwenye vigimbi vikubwa akikubana umwekee 17 kwa sababu tu rafiki yake amewekewa 17, atatembea siku nzima akiivuta kwa mkono. Kwake yeye tatizo linaanzia kwenye upana, urefu unafuata. Mpe 18 na nusu au 19 ishuke vizuri, halafu ndiyo upime wapi ikatwe.

Kijana aliposimama suruali ilishuka, lakini mbele ilijaa. Nikaanza kuipandisha kwa pini, nusu sentimita kwa nusu sentimita, mpaka mikunjo ikafutika na ukabaki mmoja mwepesi juu ya kamba, ule unaoonekana anaposimama na kupotea anapopiga hatua. Tulifika 77 na nusu. Yaani kutoka 81 zilitoka sentimita 3 na nusu. Kwa suruali nyingi zinazotoka 24 kwenda 18, kinachotoka ni kati ya sentimita 3 na 4. Kiatu cha moka kinachoacha mguu wazi juu kinataka tofauti na buti la kamba, kwa hiyo nambari hiyo msiinakili bila kuvaa. Nyuma pindo likasimama kama sentimita 5 kutoka chini, karibu na ukingo wa juu wa kisigino cha kiatu. Mbele nikalipandisha sentimita moja zaidi, kwa mshazari, kwa sababu mbele kuna mgongo wa mguu na nyuma hakuna kitu. Mshazari huo ukizidi sentimita moja na nusu unaonekana kwa macho, na hapo unaharibu.

Mnaopenda kubana sana, kuna ukomo ambao futi itakuonyesha kabla ya mkasi. Zungusha futi kutoka ncha ya kisigino mpaka juu ya mgongo wa mguu, pale panapokuwa pakubwa kuliko kote. Kwa kijana huyu ilisoma 34. Mdomo wa 18 ukiuzungusha ni 36, mguu unapita. Mdomo wa 16 ni 32; kwa kitambaa kisichovutika mguu wake haupiti, utapasua mshono siku ya kwanza.

Nakubali kwamba kwenye jinzi mambo ni mengine. Wapo wanaopenda mikunjo ijikusanye juu ya raba, wananunua modo ndefu makusudi, na mwili wa kijana mrefu mwembamba unaweza kubeba hilo. Sawa. Jinzi ni kitambaa kigumu, mkunjo wake unasimama. Kitambaa cha suti ni laini, kikijikunja kinalala, na baada ya saa mbili za ukumbini kimeshapata alama za mikunjo. Na wanaofupisha suruali juu ya kifundo kwa ajili ya dini wana sababu yao iliyo wazi na kipimo chao, wala simo katika hilo.

Wazee wetu walilielewa hili bila kufundishwa. Angalieni picha za miaka ya 1970 zilizopo kwenye albamu za nyumbani: bugaluu pana, na chini yake raizoni yenye soli nene. Suruali ilikuwa ndefu kwa sababu kiatu kilikuwa kirefu na mdomo ulikuwa mpana. Vitu vitatu vilipimwa kwa pamoja. Mtu hakuchukua bugaluu akaiweka juu ya kiatu cha soli nyembamba akaiburuza barabarani. Sisi tunabadilisha kimoja na kuviacha viwili, kisha tunashangaa.

Niseme na mafundi wenzangu, kwa sababu kuna kosa linalofanyika hata na anayekumbuka kupunguza urefu. Mguu uliobanwa unakwenda ukipungua kuelekea chini. Ukiendeleza mshono huo huo moja kwa moja mpaka mwisho wa kitambaa, ile sehemu ya kukunjia ndani itakuwa nyembamba kuliko mguu inapokwenda kushikwa. Kwa pindo la sentimita 5 kwenye suruali ya kijana yule, tofauti ilikuwa karibu sentimita 2 kwa mzunguko. Ukilazimisha, pindo linavuta, kitambaa cha nje kinatengeneza vijikunyanzi, na hakuna pasi itakayokuokoa. Ukifika kwenye mstari wa kukunjia, geuza mshono ufunguke kwa nje kwa kiasi kile kile ulichokuwa unabana, ili ukikunja vilingane. Kwa suruali pana iliyonyooka huhitaji hilo, na ndiyo maana wengi hawajawahi kujifunza. Kwa iliyobana, bila hilo kazi haijafanyika.

Mpangilio nao ni huo huo siku zote. Kama ni kadeti ya pamba mpya, ifuliwe kwanza, maana pamba ikifuliwa inarudi. Viatu mguuni, pini za upana, kukaa na kusimama, ndipo chaki ya urefu. Piga bandi, mteja ajaribu tena, kisha cherehani. Anayeanza na urefu anapima suruali ambayo baada ya saa moja haitakuwepo.

Na wewe mteja, ukienda kubana suruali, beba viatu. Fundi akikuambia "acha tu, nitakadiria," ichukue suruali yako uondoke. Akikubali kupima, mwambie kitambaa cha urefu asikikate chote. Akikunje ndani hata sentimita 4 au 5, akishone kwa mkono. Mitindo ya miguu mipana imesharudi madukani, na utakapotaka kuifungua suruali ile, sentimita zilizotupwa kwenye sakafu ya fundi hakuna wa kukurudishia. Upana nao ni hivyo hivyo: aache kitambaa cha kutosha ndani ya mshono, akipige overloki, asikikwangue mpaka kwenye uzi. Suruali ya kijana yule ina sentimita 2 kila upande zimelala ndani, na pindo lake lina 5. Akitaka kurudi kwenye mdomo wa 22 na urefu wa karibu 80, atakikuta kitambaa.