Andika daftari la hundi kwa mstari wa chini

Nimekaa kwenye meza ya uhasibu ya duka la vifaa vya uvuvi hapa Kirumba, Mwanza, kwa miaka kumi na moja. Tunauza nyavu za dagaa na za sangara, kamba, maboya na risasi za kuzamishia nyavu. Wateja wetu wakubwa ni wenye mitumbwi wa visiwani. Wengi sasa wanalipa kwa simu, lakini wapo wanaoendelea kulipa kwa hundi kwa sababu wanataka kila matumizi ya kambi yabaki na kumbukumbu ya karatasi. Nina neno moja kwa wahasibu na makeshia wenzangu wa kanda hii: namba mnazoziandika kwenye daftari la hundi mnazichukua mahali pasipofaa. Mnazichukua juu ya hundi. Zichukueni chini.

Chini kabisa ya kila hundi, kwenye ukanda mweupe usio na maandishi mengine, kuna mstari wa tarakimu zenye umbo la ajabu, nene huku na nyembamba kule. Watu wa benki huuita maika. Mwandiko wenyewe unaitwa E-13B, na ulibuniwa Marekani katika miaka ya 1950 ili mashine iweze kusoma hundi bila mtu kuziandika upya. Una tarakimu kumi na alama nne tu, hauna herufi hata moja. Wino wake una chembe za chuma. Mashine ya benki huutia mstari huo sumaku, kisha kichwa cha kusomea hupita juu yake na kuitambua kila tarakimu kwa namna nguvu ya sumaku inavyopanda na kushuka. Ndiyo maana tarakimu zenyewe zimevimba mahali fulani: uvimbe ule ndio unaoitofautisha 3 na 8 mbele ya mashine.

Hundi husafiri kwa mstari huu. Jina la benki lililochapwa kwa rangi nzuri juu, jina la tawi na namba ya hundi kwenye kona ya kulia ni vya macho yetu. Tangu Benki Kuu ilipoanzisha TACH, mfumo wa kielektroniki wa kubadilishana hundi kati ya benki, mwaka 2015, karatasi yenyewe haihitaji hata kusafiri. Benki unakoipeleka hundi huipiga picha, husoma mstari wa chini, na picha pamoja na tarakimu hizo ndivyo vinavyokwenda benki ya mlipaji. Juu kukiandikwa jambo moja na chini jingine, cha chini ndicho kitakachoamua hundi iende wapi na itafutwe kwa namba gani.

Nililijua hilo kwa hasara. Mteja mmoja wa upande wa Ukerewe, mzee tuliyefanya naye kazi miaka mingi, alitulipa kwa hundi namba 000412. Ikapita bila shida. Wiki tatu baadaye akaja kijana, akajitambulisha kuwa ametumwa na mzee, akiwa na orodha ya vifaa na hundi iliyokwisha kusainiwa, ya shilingi 4,350,000. Kona ya juu ilisomeka 000418. Sahihi ilikuwa ileile, tawi lilelile, na tarehe ya siku hiyo. Kijana alikuwa na haraka ya kuwahi meli ya Nansio, na keshia wetu alimhurumia. Daftari likaandikwa 000418, risiti ikatoka, nyavu na kamba zikapakiwa kwenye mkokoteni.

Hundi ikarudi. Maelezo yalisema hundi yenye namba hiyo ilikwisha kulipwa. Nilikwenda benki nikiwa na hasira na daftari langu kwapani, nikamwonyesha dada wa kaunta mistari miwili: 412 na 418, tarehe tofauti, kiasi tofauti. Hakubishana nami. Aliigeuza hundi ikanielekea, akaweka kucha yake chini upande wa kushoto, akasema, "Kaka, soma hapa." Nikasoma 000412.

Kumbe mtu aliipata picha ya hundi ya kwanza, akaichapa upya kwa kompyuta akiwa amebadilisha tarehe, kiasi na namba ya juu. Mstari wa chini aliuacha vilevile. Nilipompigia mzee simu alifungua kitabu chake cha hundi, akaniambia karatasi ya 418 bado imo, haijachanwa. Hakutudai sisi wala sisi hatukuwa na haki ya kumdai yeye. Tuliripoti polisi, lakini mzigo ulikwisha kuvuka maji.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba hundi zote mbili zilipita mikononi mwangu, na zote zilikuwa na namba ileile chini. Kama daftari lingekuwa linaandikwa kutoka chini, keshia angekuta 000412 imekwisha kuandikwa kwa akaunti hiyohiyo kabla hata kijana hajamaliza kuhesabu maboya.

Basi mstari wenyewe unasomwaje? Huu hapa mfano, tarakimu zote ni za kubuni:

```
⑈000412⑈ 987654⑆ 0123456789⑈
```

Usianze kwa kuhesabu tarakimu, kwa sababu idadi na mpangilio vinatofautiana kati ya nchi na nchi, na urefu wa akaunti unatofautiana kati ya benki na benki. Fuata alama. Yenye vijiti viwili na kipande cheusi pembeni hufunga mambo ya ndani ya benki ya mlipaji: hapa imeikumbatia namba ya hundi upande wa kushoto, na imefunga namba ya akaunti upande wa kulia. Yenye kijiti kimoja na vidoti viwili vya mraba, kimoja juu ya kingine, ndiyo inayoonyesha namba ya benki na tawi. Ukizijua hizo mbili umeshaugawa mstari mahali panapostahili. Ukikuta tarakimu mbili tatu za ziada baada ya akaunti, hizo kwa kawaida hueleza aina ya hundi, na hazikuhusu sana dukani.

Upande wa kulia kabisa kunatakiwa kuwa na nafasi tupu. Zamani hapo ndipo benki ilipochapa kiasi cha fedha baada ya kupokea hundi. Mteja akikukabidhi hundi anayosema ni mpya na hapo tayari pana kiasi kilichochapwa, hundi hiyo, au picha yake, imewahi kupita benki.

Mimi naanza na namba ya hundi. Ya chini na ya juu lazima zilingane, tarakimu kwa tarakimu. Hapa sina msamaha: zikitofautiana, hundi siipokei, awe nani aliyeileta, kwa sababu kiwandani namba hizo mbili huchapwa kuwa moja na sijawahi kuona sababu halali ya kutofautiana. Kisha natazama kwenye daftari kama namba hiyo imewahi kuingia kwa akaunti hiyo.

Akaunti inataka jicho la utulivu. Juu inaweza kuandikwa kwa vistari au bila sifuri za mwanzo, na chini ikaja na sifuri zake zote. Hiyo si kasoro. Linganisha kutoka kulia kwenda kushoto, utaona tarakimu zinalingana mpaka sifuri zinapoanzia. Tarakimu ikibadilika katikati, ndipo unapoweka mzigo chini.

Benki na tawi ndipo watu wengi wanapokwama, kwa sababu hizo ni namba tupu na juu limeandikwa jina. Sikubaliani na wanaosema lazima upate orodha nzima ya namba za matawi. Mimi nimejitengenezea yangu: kila hundi iliyolipwa bila tatizo, naandika namba yake ya benki na tawi mbele ya jina la tawi lililochapwa. Wateja wetu wanatumia matawi machache tu ya mjini Mwanza, Nansio na Sengerema, kwa hiyo ukurasa mmoja ulitosha. Hundi inayosema tawi fulani juu na kubeba namba ya tawi jingine chini, naisimamisha kwanza. Lakini siikatai palepale. Benki zikiungana au akaunti ikihamishwa, vitabu vya zamani huweza kubaki mikononi mwa watu. Napiga simu tawini, kwa namba ninayoijua mimi, si ile iliyochapwa kwenye hundi, maana anayeweza kughushi hundi anaweza kuchapa na namba ya simu ya rafiki yake.

Wino nao huongea kidogo. Wa mstari halali ni mweusi uliofifia, haung'ai. Uliochapwa na mashine ya kawaida ya wino wa maji huchuja ukiugusa kwa kidole chenye unyevunyevu. Hata hivyo usiuamini mtihani huo kupita kiasi, kwa sababu wino wa sumaku unauzwa, na mashine nyingi za benki siku hizi husoma pia kwa picha, hivyo hundi isiyo na sumaku inaweza kuvuka hatua ya kwanza.

Mwenzangu wa duka la jirani huniambia kazi hii ni ya benki na ndiyo maana wanakata ada. Namheshimu, lakini benki inausoma mstari huo mimi nikiwa nimekwisha kutoa mali. Keshia anahitaji dakika moja. Na tuseme pia mstari hauwezi nini: haukuambii jina la mwenye akaunti, haukuambii kama ndani kuna fedha, na hautambui sahihi. Hundi inaweza kuwa na mstari safi kabisa na ikarudi kwa kukosa salio.

Jambo la mwisho ni letu wenyewe. Nimeona hundi nzuri zikichelewa kwa sababu duka liligonga muhuri wake juu ya ukanda wa chini, au stepla ilitoboa tarakimu, au mteja alisaini kwa madaha mpaka mkia wa sahihi ukashuka kwenye namba ya akaunti. Ukanda huo ni kama sentimita moja na nusu kutoka ukingo wa chini. Kwetu muhuri sasa unagongwa nyuma, upande wa juu, na hundi zinakaa kwenye bahasha bila pini. Daftari nalo nimelichora upya: safu ya kwanza ni namba ya chini, ya pili benki na tawi, ya tatu akaunti, na namba ya juu imekwenda mwisho, ikiwa na kisanduku kidogo ambacho keshia anaweka alama ya vema akiwa ameziona zote mbili. Mzee wa Ukerewe alipokuja mwezi uliopita na 000431, alisubiri keshia amalize kusoma, kisha akaomba kalamu, akaweka ile alama ya vema yeye mwenyewe.