Hiyo "Met" niliiacha wazi

Mama mkubwa yuko Newala, mimi niko Mtwara mjini. Akitoka kliniki hupiga picha cheti cha dawa, ananitumia kwa wasapu, nami namwandikia ratiba. Mjukuu wake huinakili kwa kalamu nene na kuibandika ukutani, karibu na mtungi wa maji ya kunywa. Katika kazi hiyo nina sharti moja ambalo kaka yangu huliona ni woga tu: jina la dawa nisilolisoma, siliandiki.

Picha ya mwezi uliopita ilipigwa usiku, kwa tochi ya simu ya jirani. Ilikuwa na mistari mitatu. Wa kwanza, "Amlodipine 5mg 1 OD 1/12". Wa pili, "PCM 500mg 2 TDS 3/7". Wa tatu ulipita juu ya mkunjo wa karatasi: "Met", kisha mawimbi ya wino, kisha "500mg 1 BD", na mwisho "1/" halafu kivuli cha kidole.

Miwili ya kwanza haina tabu ukishajua mwandiko wa kliniki. OD ni mara moja kwa siku, BD mara mbili, TDS mara tatu. Kwenye ile sehemu ya mwisho, namba ya chini ndiyo inayotaja muda: 7 ni siku, 52 ni wiki, 12 ni miezi. Kwa hiyo 3/7 ni siku tatu, si tarehe 3 Julai kama alivyodhani mjukuu. Amlodipini ya presha nikaipanga saa 1 asubuhi, kidonge kimoja, mwezi mzima. Parasetamoli nikaipanga vidonge viwili viwili, saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku, kwa siku tatu. Saa naziandika za Kiswahili, na sisahau kuongeza asubuhi, mchana au usiku. Ukimwandikia mama mkubwa "7:00", dawa ya asubuhi ataimeza saa saba mchana.

Mstari wa tatu ndio uliotugombanisha. Kaka alisema, "Metformini hiyo, mama ana sukari, andika." Nikamuuliza sukari ilipimwa lini. Akanyamaza. Mama alikwenda kliniki kwa sababu ya tumbo, na ugonjwa haukuandikwa kwenye cheti.

Metformini ni ya kisukari. Metronidazoli ni ya maambukizi, ikiwemo amiba ya tumboni. Zote mbili huanza na "Met", zote zina vidonge vya miligramu 500, na zote mtu anaweza kuandikiwa mara mbili kwa siku. Kwa hiyo namba zile hazikunisaidia kitu. Dalili nzuri ilikuwa muda, kwa kuwa metformini ya mwezi ni jambo la kawaida, na metronidazoli mara nyingi ni ya siku chache au wiki. Lakini "1/12" na "1/52" zilikuwa chini ya kidole kilekile. Nilivuta picha nikatafuta mguu wa "f" au mlingoti wa "d" na "l" kwenye yale mawimbi. Mkunjo ulikuwa umekula wino.

Kosa lenyewe lingechelewa kujulikana. Metformini huharisha watu wengi wanapoianza. Mgonjwa wa tumbo akipewa hiyo badala ya dawa ya amiba, ataendelea kuharisha, na nyumbani watasema ugonjwa bado haujaisha. Upande wa pili, sukari ikae mwezi bila dawa huku mtu anameza metronidazoli isiyomhusu, ambayo ikitumiwa muda mrefu inaweza kuleta ganzi miguuni.

Kwenye ratiba nikaandika hivi: "DAWA YA 3: JINA HALISOMEKI. Naona 'Met', 500mg, mara mbili kwa siku. Muda hausomeki. USINUNUE, USIMEZE mpaka aliyeandika athibitishe." Jina sikulitaja hata kwa alama ya kuuliza. Ukiandika "metformini?" kwenye ratiba, alama ya kuuliza haifiki dukani. Mjukuu akinakili inabaki metformini, na muuzaji wa duka la dawa anaona jina lililoandikwa vizuri, hana sababu ya kusita.

Mama mkubwa hakufurahi. "Mwanangu, umesoma miaka yote hiyo, neno moja linakushinda?" Nikamwomba radhi, nikamwambia amlodipini na parasetamoli aanze, ila asubuhi arudi na karatasi yenyewe, si picha. Alirudi. Mganga akaliandika upya kwa herufi kubwa: METFORMIN, 1/12. Sukari ilikuwa imepimwa siku ileile, mama hakuona haja ya kututajia.

Kaka alipatia, na hajaacha kunikumbusha. Ameniuliza kama mwezi huu nitaiandika mwenyewe. Nimemjibu anitumie kwanza picha ya cheti kipya, iliyopigwa mchana, karatasi imenyooshwa mezani na vidole vikiwa mbali.