"Haya Hapa", Kumbe Hayapo

"Kaka, kichwa kikisema kila kitu, nani atafungua habari?" Aliniuliza hivyo mwandishi chipukizi wa dawati letu la mtandaoni, tukibishana juu ya kichwa cha habari ya matokeo ya kidato cha nne.

Ana hoja, na ni hoja ya hela. Januari 2025 Baraza la Mitihani lilitangaza matokeo ya mtihani wa 2024, ufaulu ukiwa asilimia 92.37. Mtu asiye na mtoto darasani akiona kwenye simu "Ufaulu wafika asilimia 92", kwake habari imekwisha. Hafungui, na tangazo letu halioni. "Utashangaa kilichotokea kidato cha nne" pengine kingemvuta.

Ila siku ile msomaji wetu mkubwa si yeye. Ni mzazi au mtahiniwa aliyeandika kwenye Google "matokeo ya kidato cha nne 2024", macho yakikimbia orodha kutafuta maneno yale yale aliyoyaandika. "Utashangaa" hakuliandika. Huyu ukimficha jambo humvuti, unampoteza. Kichwa chake ni "Matokeo ya kidato cha nne 2024: Ufaulu wafika asilimia 92", na bado atafungua, kwa sababu asilimia haimwambii mwanawe kapata daraja gani.

Chambo chenyewe cha msimu ule ni kingine: "Matokeo ya kidato cha nne haya hapa", kimewekwa wiki mbili kabla hayajatoka. Sikatai, kinabofywa sana. Ndani unakuta aya sita za maelezo ya jumla, kisha "endelea kutembelea ukurasa huu". Ningekuwa mzazi ningeirusha simu. Wanaofanya hivi hujitetea kwamba ukurasa lazima utangulie ili Google iujue mapema, na hapo wako sahihi. Lakini ukurasa unaweza kutangulia bila uongo: "Matokeo ya kidato cha nne 2024: Jinsi ya kuyaangalia yakitoka". Maneno ya utafutaji yamo yote, ahadi ni ya kweli, na siku yakitangazwa unabadilisha kichwa na kuweka kiungo cha Baraza, anwani ya ukurasa ikibaki ile ile.

Kuna kosa jingine ambalo wengi hawalihesabu kuwa udanganyifu, kwa kuwa halina nia mbaya. Simu hukata kichwa. Google haihesabu herufi, inapima upana, na sisi wenye "m" na "w" kila neno tunaumia kidogo zaidi. Mimi hufanya kazi kana kwamba nina herufi 50 tu za uhakika, na kwenye arifa za simu huweza kuwa pungufu ya hapo. Sasa soma hiki: "Taarifa za kuvuja kwa mtihani wa kidato cha nne si za kweli". Hadi neno "nne" ni herufi 47. Kikikatwa hapo, tumesambaza uvumi tuliotaka kuukanusha. Kiswahili kinaturuhusu kuanza na kanusho: "Si kweli mtihani wa kidato cha nne umevuja". Herufi 42, na hata mkasi ukipita katikati, "si kweli" imeshasomwa.

Kwa sababu hiyo hiyo sianzi na "Baraza la Mitihani la Tanzania latangaza matokeo ya…". Herufi 50 zinakwisha kabla msomaji hajajua ni matokeo ya darasa la saba au ya kidato cha nne. Gazetini hakuna shida, nafasi ipo.

Kijana akaniwekea takwimu mezani: kurasa za "haya hapa" zinapata wasomaji wengi, ingawa wanatoka baada ya sekunde chache. Nikamwambia asiharakishe hata hapo. Aliyekuta kiungo cha Baraza akakibofya naye hutoka baada ya sekunde chache, na ameridhika. Muda peke yake hautofautishi aliyehudumiwa na aliyedanganywa. Angalia alikoelekea: alibofya kiungo, au alirudi Google kutafuta upya? La pili huwezi kuliona moja kwa moja kwenye takwimu zako, lakini ukiona viungo vilivyomo ukurasani havijaguswa, una dalili yake.

Nilimwachia sehemu moja. Makala ya mwalimu aliyefundisha miaka mingi kijijini, ambayo hakuna anayeitafuta Google kwa jina, inaweza kuwa na kichwa kinachobakiza kitu. "Mwalimu aliyekataa uhamisho mara tatu" hakisemi sababu, na mimi nakipitisha, mradi sababu iwemo ndani na iwe na uzito wa kukataa mara tatu. Akaniuliza uzito huo unapimwaje. Nikamwambia anisomee aya ya nne ya makala hiyo, ile yenye sababu.